Siku Papa Cyprien Aligawaka Koko Yake kwa Chama

Mu Kabondo, mu muji ya Kisangani, mutu akikufa, shida ya kwanza haiko sanduku. Sanduku, kanisa itasaidia, batu ya avenue batachanga, mwishowe itapatikana. Shida ni biographie. Ile karatasi ya kusoma mu matanga mbele ya batu yote: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alipendaka batu namna gani. Ile karatasi, kama haiko tamu, familia inachekwa mwaka muzima. Na mu Kabondo mutu wa kuitengeneza tamu iko moja tu: Papa Cyprien.

Muzee ya miaka makumi saba na tatu, mwembamba sawa bic yake ya kuandikia, miwani imefungwa na waya ku sikio. Anakaa ku baraza yake na kitabu ya kuandika ku magoti, batu bajane banakuya na machozi, banatoka na karatasi.

Ile asubuhi ya Jumatatu alikuwa na Mama Félicité, bwana yake amekufa juzi.

"Papa Cyprien, weka asema alikuwa mutu ya sala."

"Mama Félicité! Bwana yako? Sala ilikuwa inamuonaka kwa mbali na inakimbia."

"Weka tu, Papa. Mama mukwe yangu atakuwa amekaa mbele."

"Bon. Naandika: alimutafutaka Mungu mu njia yake mwenyewe. Kama njia ilikuwa inapita kwa pombe ya lotoko, ni njia pia."

Mama Félicité alicheka mpaka alijifunika uso na kitambaa, kisha akarudilia kulia. Papa Cyprien alikuwa vile. Anajua kulaza uongo karibu na ukweli mpaka binafanana sawa mapacha. Batu balikuwa banamuuliza, Papa, ulijifunza wapi? Na yeye alikuwa anajibu: mu bureau. Bureau gani, hakusemaka. Ata muke yake alikufa bila kujua vizuri.

Njo telefone ililia. Ilikuwa yaya yake, dada yake mukubwa, Mama Hélène, mwenye anakaa ku barabara ya Bengamisa, ku shamba ya familia.

"Leki, ndugu mudogo, uko unanisikia? Iko kijana moja ya Kinshasa huku. Iko na kitabu. Mu kitabu iko jina ya koko."

"Koko gani?"

"Koko Bondele, papa ya papa yetu! Tuko na bakoko ngapi? Anasema koko Bondele njo alizaaka koko yake ye, ule mukubwa ya chama ya zamani, Lotuli. Anasema pori yetu yote, kutoka barabara mpaka ku kijito, ni ya kwabo. Mihogo yangu, Cyprien! Michikichi! Chef de secteur, mukubwa ya eneo, ameita batu Jumatano. Mi sijue kusoma, we unajua mambo ya makaratasi. Kuya utusomee ile kitabu, tujue inasema nini."

Papa Cyprien akasema atakuya, akafunga telefone. Yeye hakuwa na lazima ya kusomewa ile kitabu. Yeye njo aliiandikaka.

Sasa sikiliza namna ilikuwaka, juu bila hii hautaelewa kama muzee aliogopa kwa nini.

Mwaka 1974. Inchi inaitwa Zaïre, mutu yote ni citoyen, ni raia, chama ni moja, MPR, na unazaliwa ndani yake upende usipende. Cyprien iko na miaka makumi mbili na tatu, ni dactylo, mupiga mashini ya kuandika, mu bureau ya propagande mu Kisangani. Jina Cyprien imekatazwa, sawa majina yote ya ubatizo. Mu bureau banamuita Citoyen Lifeta. Mukubwa yake, Citoyen Bolamba, mutu munene na abacost, ile koti ya chama, ya kubana, alikuya siku ya Ijumaa na bahasha kutoka Kinshasa.

"Lifeta! Citoyen Lotuli amepanda cheo. Anataka kitabu ya maisha yake, kurasa makumi mbili. Iende kuchapwa mu imprimerie Jumatatu."

Zamani zile, kila mukubwa alikuwa anataka kitabu yake, juu rais Mobutu alikuwa na ya kwake. Mobutu, bana ya masomo banajuaka hadisi yake kwa kichwa: mama wa heshima, papa karibu haonekane, na ule chui aliua na mukuki akingali mutoto. Ile njo ilikuwa kipimo. Bakubwa bengine balikuwa banapimwa na yeye, lakini bila kumufikia.

Mu bahasha kulikuwa fomu. Citoyen Lotuli mwenyewe aliijaza, na kweli yote: alizaliwa 1930 ku Isangi, jina Joseph. Papa yake, Fidèle, mupishi ya administrateur muzungu. Alisoma kwa bapadri, alifukuzwa juu aliiba divai ya misa. Kisha alikuwa karani ya Babelgiji, kazi yake kuandika majina ya batu benye hawakulipa kodi. Na juu ya fomu, mutu ya Kinshasa alipitisha kalamu nyekundu.

Ile kalamu nyekundu! Papa Cyprien angali anaiona mu macho. Mupishi: imekatwa, pembeni imeandikwa, "Papa ya mukubwa hawezi kupikia muzungu." Joseph: imekatwa. Divai: imekatwa, "Alifukuzwa juu alikataa kupiga magoti mbele ya padri muzungu." 1930: imekatwa, imewekwa 1936. Juu ya nini 1936? Bolamba alimueleza akicheka: "We Lifeta, fanya hesabu. Kama alizaliwa 1936, miaka ile ya ukarani alikuwa angali ku masomo. Hakuandikia Babelgiji jina ya mutu. Umeona? Hatujagusa ukarani. Tumegusa tu kuzaliwa." Na ku mwisho ya ukurasa: "Mama ni ya muto, ni vizuri. Papa atoke mu pori, ngambo ya Bengamisa, ili batu ya pori pia bamupende. Mumutafute."

Mumutafute! Papa banamutafutaka sawa samaki ku soko?

Cyprien alianza kuandika. Ya kwanza, aliweka chui. Bolamba alisoma, akatoka jasho, akachana karatasi vipande vipande. "Unataka tufungwe? Chui iko moja mu inchi! Weka nyoka." Basi akaweka nyoka. Lakini papa? Jumapili ilifika, papa hakuna. Na jina ya kijito, ya kilima, ya ukoo, bitu bile hauwezi kutunga mu siku mbili bila batu ya pale bacheke. Cyprien alikuwa mutoto ya barabara ya Bengamisa. Alikuwa na koko moja mwenye hakumuona, alikufa zamani, lakini papa yake alikuwa anahadisiaka habari yake kila mara akikunywa: Bondele, kichwa ya ukoo, alikataa kazi ya Bazungu ya kukusanya mupira ya miti, alificha batu mu pori ngambo ya kijito. Jina ya kijito, Cyprien aliijua. Kilima, aliijua. Hakuwaza sana. Aliweka karatasi mu machine, akapiga: Papa yake, Bondele.

Na, niseme kweli, alisikia furaha. Aliwaza: koko yangu ataingia mu kitabu, bana mu inchi yote batamusoma. Alimutoa koko yake zawadi, sawa mutu anatoa kuku.

Kinshasa ilipenda. Kisha mashini ya chama ikatembea. Photographe moja ya mujini alichukua picha ya ule mupishi Fidèle, tablier nyeupe ya kupikia ku kifua. Na wino na brosi ndogo tablier ikakuwa ngozi, ku shingo ikaota shanga za meno. Bazee babili bakatafutwa, bakapewa pagne ya kitenge na chumvi na masanduku ya sardines, bakafundishwa kusema: "Siye tulimuona Bondele na macho yetu." Bakakosea, bakarudilia, bakakosea, bakarudilia. Mu masomo bana bakaiimba asubuhi mbele ya bendera. Bamama ya animation, bachezaji ngoma ya chama, bakaichezea mu stade. Na Citoyen Lotuli, mu miaka ile ya majina mapya, akaongeza ku jina yake: Lotuli wa Bondele. Bana yake bakazaliwa na jina ile ku karatasi.

Mwaka mbili kisha, Cyprien alipita na Bolamba mu kijiji ya bale bazee. Moja alikuwa anahadisia bajukuu habari ya Bondele, analia machozi ya kweli. Hakuna mutu alikuwa amemuita. Hakuna sardine. Cyprien ile siku njo aliogopa mara ya kwanza. Kisha chama ilianguka, Lotuli alikufa, kitabu ikaliwa na mende. Yeye alifunga mudomo. Miaka makumi tano.

Jumatano alipanda moto, pikipiki ya Djuma, jirani yake, mutu ya Maniema mwenye mudomo haulale. Barabara ilikuwa matope, moto inaruka, muzee ameshika Djuma sawa mutoto ku mugongo ya mama.

"Papa Cyprien, usinikamate mbavu hivyo, bibi yangu ataona wivu."

"Endesha."

"Unatetemeka. Ni malaria?"

Papa Cyprien aliacha kilometre kumi zipite. Kisha, juu Djuma hakuwa ndugu na uso yake ilikuwa haionekane, akasema yote. Djuma alipunguza mwendo. Akasimamisha moto kabisa, karibu na muti yenye imeanguka.

"Ngoja. Ngoja kwanza. Donc ule kijana ya Kinshasa iko na koko yenu ku carte yake ya électeur, ile ya kura?"

"Njo."

"Na we njo ulimupa?"

"Njo."

"Papa, mi nimeona batu banaiba moto, banaiba mbuzi, banaiba bibi ya mutu. Lakini kujiiba koko mwenyewe, na kupelekea mutu ingine? Aah! Hii, hata kwetu Maniema hatujaifikia." Alicheka, kisha akaona uso ya muzee mu kioo, akaacha. "Sasa utasema?"

"Nikisema, yaya yangu atanifukuza. Ukoo yote itanitemea mate. Nikinyamaza, shamba inaenda."

"Na kama unasoma tu kitabu vile banakuomba, kisha unarudi?"

Ile njo Papa Cyprien alikuwa amewaza usiku yote mbili.

Ku bureau ya secteur batu balikuwa bamejaa mpaka inje. Chef, mutu ya miaka makumi tano hivi, kofia ya ngozi ku kichwa na telefone mbili ku meza. Ku upande moja Mama Hélène, miaka makumi saba na nane, amefunga pagne yake kwa nguvu sawa mutu anaenda vita, na bana ya ukoo nyuma yake. Ku upande ingine ule kijana, Franck Bondele, chemise nyeupe, viatu vyenye matope yametia haya. Mbele yake, mu plastiki, sawa hostia ya misa: kitabu.

Papa Cyprien aliiona. Jalada ya kijani.

Franck alisimama, akaongea kwa heshima, na hii njo ilikuwa mbaya zaidi: hakuwa mwizi. "Chef, bamama, bapapa. Mi nilikua na hii kitabu. Kwetu ni sawa biblia. Papa yangu alinifundisha: wewe ni mutu ya Bondele, ya kijito ile, ya kilima ile. Nimefika kwanza ku kaburi. Jina iko pale ku simiti. Mu kitabu iko. Ku carte yangu iko. Sifukuze mutu. Lakini pori ni ya bana ya Bondele, na koko yangu alikuwa mutoto yake."

"Na siye ni nini? Panya ya Bondele?" Mama Hélène alipiga kelele.

"Mama, taratibu," Chef akasema. "Nani anajua kusoma hii kifaransa vizuri?"

"Leki yangu iko hapa! Cyprien, simama!"

Basi wakamupatia. Akaitoa mu plastiki. Akafungua, akaanza kusoma kifaransa, anatafsiri mu kiswahili, na maneno yake mwenyewe ya miaka makumi mbili na tatu yakatoka mu mudomo yake ya makumi saba na tatu. "Bondele, kichwa ya ukoo, hakuinamia muzungu. Balipomuletea vikapu ya mupira alivitupa mu kijito…" Batu bakasema eeh! "Usiku alivusha bamama na bana, moja moja, ku mugongo yake…" Mama moja akapiga mikono. Bazee bakatikisa kichwa. Na Mama Hélène, ule mwenye alikuwa anapiga kelele, akapangusa macho na ncha ya pagne. Alikuwa analia kwa furaha. Koko yake, mu kitabu!

Papa Cyprien aliona ile machozi. Ni yale yale ya ule muzee ya sardines. Akaacha kusoma.

"Endelea, leki!"

Aliendelea mustari moja. "Mu mwaka 1946, mutoto yake akiwa na miaka kumi, Bondele alimupatia mukuki, akamuambia, enda…" Akafunga kitabu.

"Chef," akasema, "hii ni uongo."

"Uongo ya nani?"

"Yangu."

Kuku ilipita ku mulango, mutu akaifukuza na muguu.

"Mi njo niliiandika. 1974, mu bureau ya propagande. Papa ya ule mukubwa alikuwa mupishi ku Isangi. Chama ilikataa mupishi: kalamu nyekundu ikamukata, mi nikaweka nyoka ya uongo, bazee bakapewa sardines juu baseme balimuona papa ingine. Baliniomba papa ingine ya kutoka mu pori. Na mi… mi nikawapa koko yetu."

Mama Hélène hakuelewa kwanza. Alimuangalia sawa mutu anaangalia mbwa inaongea. Kisha akaelewa, na uso yake ikafunga.

"Muzee anasema uongo sasa!" Franck akaruka. "Ni ndugu ya huyu mama! Mutu yote anaweza kusema niliandika. Jina yake iko wapi ku kitabu? Onyesha!"

Na kweli, jina haikuwa. Bitabu bya chama haviwekaka jina ya mwenye kuandika. Ni sawa byanguka kutoka mbinguni. Batu bakaanza kunung'unika. Kijana moja nyuma akaita, "Muzee, ulikunywa nini asubuhi?" Miaka makumi tano Papa Cyprien amejificha vizuri mpaka sasa hata akijitoa hawamuoni.

Lakini mutu akifanya kazi mubaya, anajua wapi ilishonwa vibaya.

"Chef, tuma mutu ku kaburi. Haiko mbali. Asome mwaka ya kufwa ku simiti."

"Hakuna lazima ya kutuma," Chef akasema. "Kijana, ulisema ulifika ku kaburi. Uko na picha?"

Franck alikuwa na picha mu telefone, ya kwake mwenyewe, amepiga magoti karibu na musalaba. Chef akaivuta na vidole viwili mpaka ikawa kubwa. Akasoma kwa sauti: "Bondele. 1931."

"Mu kitabu," Papa Cyprien akasema pole pole, "Lotuli alizaliwa 1936. Koko alikuwa amelala chini miaka tano. Na miaka kumi tena, 1946, akatoka mu kaburi kumupatia mukuki. Hii kosa ni yangu. Niliandika Jumapili, haraka haraka, sikuenda kuangalia kaburi. Kinshasa haikuona, juu Kinshasa ilikuwa inaangalia tu chui na bapishi."

Batu bakacheka, kicheko ya woga. Damu ikamupanda Franck.

"Lakini 1936 haiko mwaka ya kweli!" akasema. "Kila mutu kwetu anajua! Koko alizaliwa 1930! Ile 1936 chama njo ilibadilisha, juu ya… juu ya mambo yabo!"

Akanyamaza mara moja, mudomo wazi. Alijisikia. Lakini neno ikitoka, haurudishe na mukono.

Chef aliweka telefone chini. "Kijana. Unasema chama ilibadilisha kuzaliwa ya koko yako?"

Franck akaangalia viatu.

"Kama iliweza kubadilisha siku mama yake alimuzaa, ilishindwa na nini kubadilisha nani alimuzaa?"

Franck alikaa chini taratibu, na mi nasema, hata kama ulikuwa adui yake, ungemuonea huruma. Alishika carte yake mu mukono, anaangalia jina ile.

Sasa batu banawaza imeisha. Haikuisha. Chef akageukia Papa Cyprien, na macho yake hayakuwa mazuri.

"Kitabu naiweka pembeni. Haiko ushahidi. Lakini sasa nataka kujua kama hii pori ni yenu kwa kweli. Muzee, tuambie Bondele ya kweli. Alitupa mupira mu kijito? Alivusha batu ku mugongo?"

Papa Cyprien alifungua mudomo. Akatafuta. Na njo hapo baridi ilimuingia kabisa, kuliko yote ya ile siku: hakujua. Nini papa yake alisema akikunywa, nini yeye aliongeza, nini Bolamba aliongeza, nini kalamu nyekundu iliacha. Byote vilikuwa maji moja. Koko yake alikuwa amebaki tu ule ya chama.

"Sijue, Chef," akasema. Sauti ilikuwa ya mutoto.

"Mi najua."

Ni Mama Hélène. Alisimama bila kumuangalia leki yake.

"Mi nililelewa na muke ya Bondele mwenyewe, koko mwanamuke. Ule mwanaume hakutupa mupira ata kidogo. Aliogopa Bazungu mpaka kukojoa. Walipomuambia apande michikichi ku mustari, alipanda ku mustari. Alipopunguza mistari, walimupiga fimbo mbele ya bana yake, na kisha hiyo hakukaa vizuri ku kiti tena. Mistari kumi na moja ilimaliza mugongo yake. Muende muhesabu. Ku wa tisa miti imepinda, juu alipanda akiwa na homa, na koko mwanamuke alikuwa anamushikia kamba. Iko hadisi gani mu kitabu ya mustari wa tisa? Hakuna! Juu haiko tamu!"

Chef alituma bapolisi babili na Djuma ku moto. Dakika zile zilikuwa ndefu: Papa Cyprien amekaa peke yake ku benchi, batu ya ukoo wamejisukuma mbali na yeye, nafasi ya batu tatu kila upande. Djuma akarudi na matope mpaka ku shingo.

"Kumi na moja, Chef. Ile ya tisa imepinda sawa mutu mulevi."

Chef akaandika ku daftari: pori inabaki kwa Mama Hélène na ukoo yake. Akapiga muhuri.

Hakuna mutu alipiga mikono. Inje, Franck alimukaribia muzee, plastiki mu kwapa.

"Papa. Ule mupishi. Jina yake ilikuwa nani?"

"Fidèle. Fidèle Lotuli, ya Isangi."

"Alikuwa mutu namna gani?"

Papa Cyprien alisikia maneno matamu yanapanda yenyewe ku ulimi, sawa mate. Akayameza. "Sijue, mwana yangu. Ku fomu kulikuwa jina na kazi tu. Kisha kalamu ilipita juu. Enda Isangi. Uliza ku paroisse, bapadri banachungaka madaftari ya ubatizo."

Kijana alitikisa kichwa na akaenda mu motokari yake bila kuaga mutu.

Njo Mama Hélène akakuya. Alisimama mbele ya leki yake, mufupi, mikono ku kiuno. Papa Cyprien alingojea kofi. Hakuna kofi.

"Unarudi Kisangani?"

"Yaya, naomba…"

"Sijakuuliza maombi. Nimeuliza, unarudi?"

"Kama unasema nirudi, narudi."

"Hapana. Jumapili ukoo yote inakutana kwangu, na ba Yangambi na ba Banalia. Makumi ine na zaidi. Utasimama mbele yabo, utasema vile ulisema mbele ya Chef. Yote. Na kalamu, na sardines, na nyoka. Na kama unaongeza chumvi ata kidogo, mi nitajua, juu sasa nimejifunza sauti yako ikidanganya inakuwaka tamu namna gani." Akageuka. "Mpaka Jumapili utalala kwa nyumba ya mbuzi. Mbuzi hawana koko ya kuibiwa."

Djuma aliwasha moto. "Papa, nikungojee?"

Papa Cyprien alihesabu ku vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kisha macho ya batu makumi ine.

"Enda tu," akasema, na akachukua njia nyuma ya yaya yake, mbali kidogo, vile mutu anafuata mwenye hajamusamehe.